Dirisha la magharibi: kazi ya pazia iko upande unaotazama kioo

Nyumba nyingi za Capri Point, Kirumba na Luchelele jijini Mwanza zimegeuziwa ziwa ili sebule ipate upepo na mandhari. Mara nyingi upande huo wa ziwa ndio wa magharibi. Kwa kuwa Mwanza iko karibu na ikweta, jua huzama upande uleule wa nyumba mwaka mzima, kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na robo jioni. Paa lililotokeza sentimita 60 juu ya dirisha hutia kivuli cha kama nusu mita saa 10 alasiri. Ikifika saa 11, kivuli hicho kimebaki sentimita 30 tu. Kwa hiyo kwenye dirisha lenye kimo cha mita moja na nusu, sehemu kubwa ya kioo iko wazi kwa jua saa zile ambazo nyumba imeshapata joto la mchana kutwa. Walio karibu kabisa na maji wanaongezewa mng'ao wa ziwa, unaopanda kutoka chini ambako paa haliwezi kukinga.

Wateja wengi wenye tatizo hili huomba kitambaa kizito cha rangi nzito: kahawia, zambarau, bluu ya giza. Giza watalipata, lakini joto litabaki palepale. Mwanga ukishapita kwenye kioo na kutua juu ya kitambaa cheusi, hunyonywa na kugeuka joto, na joto hilo tayari liko ndani ya chumba. Shika pazia la namna hiyo saa 11 jioni uone lilivyo moto, kisha usogeze mkono karibu na sehemu yake ya juu: utasikia hewa ya moto ikitoka. Pazia la ndani husaidia kwa njia moja kubwa, nayo ni kuurudisha mwanga nje kupitia kioo kabla haujawa joto. Ndiyo maana tunatazama kwanza mgongo wa kitambaa, yaani upande unaotazama kioo, na unatakiwa uwe mweupe. Uso unaotazama chumba uwe wa rangi yoyote uipendayo.

Dukani utakuta aina mbili za blakauti, yaani kitambaa cha kuzuia mwanga. Ya kwanza imefumwa kwa nyuzi nyeusi katikati, na rangi zake ni sawa mbele na nyuma. Inalala vizuri, inafulika kirahisi, ila ukichagua ya rangi nzito mgongo wake nao ni mzito, kwa hiyo haifai dirisha la magharibi ikiwa peke yake. Ya pili ni bitana iliyopakwa povu la akriliki kwa tabaka tatu: jeupe, jeusi la kuzuia mwanga, kisha jeupe tena. Hiyo ndiyo tunayoipendekeza. Washa tochi ya simu nyuma yake. Ukiona vitundu vya mwanga vimetapakaa, upakaji ni mwembamba au robota limekunjwa vibaya hadi povu likapasuka.

Bitana hiyo tunashauri isishonwe pamoja na pazia la rangi. Itundikwe peke yake kwenye reli ya nyuma, karibu na kioo lakini bila kukigusa, na pazia la rangi likae bomba la mbele. Hivyo alasiri unafunga bitana tu na pazia la rangi linabaki pembeni, nyuma ya kivuli. Bitana ikichoka baada ya miaka, unabadilisha yenyewe bila kugusa kitambaa cha gharama.

Chukua dirisha la upana wa sentimita 180 na kimo cha 150, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 90 kutoka sakafuni. Reli na bomba vipite dirisha kwa sentimita 20 kila upande, upana uwe 220. Bomba likae sentimita 250 kutoka sakafuni. Pazia la ringi linahitaji kitambaa mara mbili ya upana ili marinda yakae, yaani sentimita 440. Ongeza sentimita 10 za pindo kwa kila ubavu wa vipande viwili, jumla 40, utafika mita 4.8, nunua 5. Kitambaa cha upana wa sentimita 280 hulazwa, upana wake ukawa ndio kimo: pazia lililokamilika ni kama sentimita 251, juu unakunja 10 na chini 15, jumla 276. Zinabaki 4 tu, kwa hiyo fundi asikate kabla ya kupima mwenyewe. Bitana haihitaji marinda mengi. Mara moja na nusu inatosha, ambayo ni 330, na pamoja na pindo mita 3.7.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: bitana nzuri inatundikwa kwa ringi, juu wazi, pembeni wazi. Hewa iliyobanwa kati ya bitana na kioo hupata moto, hupanda, na kumwagika chumbani kupitia juu huku ya chini ikivutwa kuingia. Ndiyo sababu bitana iwe ya reli na kulabu, juu yake iwekwe boksi la mbao lenye kifuniko, na ncha zake za pembeni zigeuzwe kufika ukutani na kushikwa na kulabu ndogo. Fundi atumie sindano nyembamba na mshono mrefu. Kwenye povu kila tundu la sindano linabaki, kwa hiyo kufumua na kushona upya kunaacha mstari wa nukta za mwanga.

Kuhusu kupauka, kioo cha kawaida hakikuokoi. Sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno hupita, na hata mwanga unaoonekana hula rangi. Pamba iliyochapwa maua hupauka mapema, na nyuzi zake hudhoofika hadi kuchanika ukiivuta. Hariri na nailoni pia hazivumilii. Poliesta ndiyo inayostahimili zaidi nyuma ya kioo, hasa ile ambayo rangi iliingizwa nyuzi zikitengenezwa. Muuzaji akiwa na karatasi ya kiwandani, tafuta kiwango cha kustahimili mwanga katika kipimo cha 1 hadi 8. Kwa magharibi tusishuke chini ya 6. Kama karatasi haipo, omba kipande cha ukubwa wa kiganja, funika nusu yake kwa karatasi ya aluminiamu, kibandike kwenye kioo hichohicho wiki nne, kisha fungua ulinganishe. Kusugua kwa kitambaa chenye maji kunaonyesha kama rangi inachuja tu, hakusemi lolote kuhusu jua.

Wadudu wa ziwa wakijaa kwenye bitana nyeupe, wasubiri wakauke kisha uwapanguse kwa brashi laini. Ukiwafuta wakiwa wabichi wanaacha madoa. Ifue kwa mkono na maji ya baridi, usiikamue, na pasi ipite upande usio na povu tu, kwa moto mdogo.

Kuna joto ambalo bitana haitalizuia: lile la ukuta wa tofali uliopigwa na jua alasiri nzima, unaolitoa hadi usiku. Hilo linahitaji kivuli cha nje, kibaraza au mti. Tena bitana ikifungwa inazuia upepo wa ziwa. Kwenye dirisha la kusukuma, fungua kioo cha upande mmoja na uache bitana wazi kama sentimita 15 upande huohuo, madirisha ya upande wa pili wa nyumba yakiwa wazi ili hewa ipite. Jua likishazama, vuta yote pembeni na ufungue kioo.