Vikokotoo vikaguliwe kabla ya siku ya mtihani

Kwa Mhariri,

Mjadala kuhusu vifaa vinavyoruhusiwa katika chumba cha mtihani umeegemea mno simu na saa za mkononi, ilhali kinachowatatiza wasimamizi zaidi, kwa maoni yangu, ni kikokotoo. Karatasi ya Hisabati ya KCSE huruhusu vikokotoo visivyotoa sauti na visivyoweza kupangiwa programu, lakini msimamizi aliyesimama mlangoni asubuhi hana nafasi ya kutafuta kitufe cha PRGM wala kusoma fomula zilizoandikwa ndani ya kifuniko.

Kuna hatari nyingine, tena isiyo na udanganyifu wowote. Kikokotoo kilichoachwa kwenye rediani badala ya digrii hutoa jibu la sin 30 kuwa -0.988, si 0.5, na mtahiniwa hupoteza alama za maswali ya pembe bila kujua kilichomponza.

Napendekeza walimu wa Hisabati wavikague siku moja kabla: wavue vifuniko, wafute kumbukumbu, kisha kila mtahiniwa ajaribu sin 30 mbele yao. Vilivyopita vibandikwe jina la mwenyewe na kufungiwa ofisini hadi asubuhi ya mtihani.

Mwalimu mstaafu,
Nakuru