Inverta ya 1100 haitoi wati 1100: kabla hujasema tumekupiga

Malalamiko ni yaleyale: "Duka la jirani wana inverta ya 1100 kwa nusu ya bei yenu, mmenipiga." Tukiomba picha ya boksi, mara nyingi tunakuta namba ni moja lakini mashine ni tofauti kabisa.

Chukua APC Back-UPS ya 1100VA. Hiyo ni UPS ya mezani, na lebo yake inasema wati 550, yaani nusu ya namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Betri yake ya ndani ni ndogo, imewekwa ili uhifadhi kazi na kuzima kompyuta kwa utaratibu. Luminous Zelio 1100 nayo ina 1100 kwenye jina, ila uwezo wake ni VA 900, sawa na wati 756, na betri unaiweka nje kwa ukubwa unaotaka. Victron wanasema wazi zaidi kuliko wengi: Phoenix 12/800 inatoa wati 650 kwenye nyuzi joto 25, na wati 560 kwenye nyuzi 40. Kwa chumba cha Sinza kisicho na kiyoyozi mwezi wa pili, sisi tunahesabu hiyo 560. Ukiichagua, kumbuka haina chaja ndani. Chaja unanunua pembeni, na hapo ndipo bei yetu huonekana kubwa.

Kwa hiyo ukilinganisha chapa, acha VA na jina la modeli. Tafuta W kwenye lebo, kisha jumlisha W za vifaa vyako.

Dada mmoja mhasibu wa Tabata alituita akiwa na hasira, inverta yake inapiga kelele na kuzima kila akichapisha. Meza yake ilikuwa na laptopu ya wati 65, monita ya 30, ruta ya 12, taa ya 9 na chaja ya simu ya 15. Jumla ni wati 131, mzigo mdogo kwa Zelio yake ya wati 756. Tatizo lilikuwa printa ya leza. Ikipasha joto ile roli inayogandisha wino kwenye karatasi, ilivuta karibu wati 900 kwa sekunde chache. Tulipima kwa kipimo cha soketi mbele yake.

Fundi mwingine alikuwa ameshamshauri anunue inverta kubwa na aendelee na betri ileile moja ya volti 12. Njia hiyo ya mkato ndiyo inayokula hela za watu. Kutoa wati 1000 kwenye volti 12, ukihesabu na kinachopotea kwenye inverta, betri inatoa takriban ampea 100. Betri moja ya risasi ikivutwa hivyo, volti zinashuka ghafla na inverta inazima ikidai betri imeisha, wakati umetoka kuichaji. Waya ukiwa mwembamba, unachemka. Tulimshauri printa ya leza ibaki kwenye soketi ya ukutani na achapishe umeme ukiwepo, au achukue printa ya matangi ya wino, ambayo haifiki hata wati 30 ikichapisha. Hatukumuuzia inverta.

Betri nayo ina hesabu yake. Betri ya tubula ya Ah 150 ni volti 12 mara 150, yaani Wh 1800. Kwa kuwa nayo ni ya risasi, tunaitumia nusu tu ili idumu, zinabaki 900. Inverta inapoteza kiasi, kwa hiyo mzigo wa wati 131 unakula kama 155 kutoka kwenye betri. Utafanya kazi saa 5 na dakika 48 hivi, betri ikiwa mpya.

Wengi wanaruka hapo na kuleta N70 ya gari kwa sababu ni rahisi. N70 ina Ah 70, na nusu yake haikupi hata saa 3. Bamba zake ni nyembamba, zimetengenezwa kuwasha injini kwa mkupuo kisha zichajiwe na oltaneta. Ukizikausha kila umeme unapokatika, zinakufa mapema. Kuna mteja wa Mbagala alibadilisha mbili kabla hajakubali tubula, na hela za hizo mbili zingetosha sehemu kubwa ya ile tuliyompa bei mwanzoni.

Lithiamu unaweza kuitumia asilimia 80 na zaidi, na ni nyepesi. Lakini usiifunge kwenye inverta isiyo na mpangilio wa chaji ya lithiamu, hata kama muuzaji anasema volti ni zilezile.

Jambo la mwisho, kwa wenye kompyuta ya mezani: ikijizima umeme ukikatika, angalia kwanza swichi ya Eco na UPS kwenye Zelio. Ikiwa kwenye Eco, inachelewa kubadili na kompyuta inajiwasha upya. Iweke UPS. Hiyo huhitaji kutulipa.