YAH: MALALAMIKO YA KUTELEKEZWA KWA MABAHARIA SITA NA KUZUIWA KURUDISHWA KWAO

Wete, Pemba
5 Mei 2025

Kwa Mkurugenzi wa Kampuni yenye Meli,

Tunaandika kama wawakilishi tulioteuliwa kwa maandishi na mabaharia sita, wanne wa Pemba na wawili wa Unguja, walio ndani ya meli yenu iliyotia nanga Mombasa. Mkataba wao wa miezi tisa ulikwisha tarehe 28 Februari. Mshahara wa mwisho walioupata ni wa Januari.

Wakala wenu amewaambia wasubiri meli iuzwe ndipo walipwe. Jibu hilo hatulikubali. Chini ya Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao nchi ya bendera yenu imeuridhia, mwenye meli asipolipa mishahara kwa miezi miwili au zaidi akakata mawasiliano, amewatelekeza. Nahodha anapiga simu hampokei. Jenereta huwashwa kwa muda wa saa mbili tu kila jioni kwa kukosa dizeli, friji imezimika, na wanakunywa maji ya tangi yaliyogeuka rangi ya kutu.

Kusubiri kunawaumiza kwa hesabu iliyo wazi. Dhamana ya fedha ya meli hulipa malimbikizo ya mshahara yasiyozidi miezi minne. Kifungu cha 8 cha mkataba wao kinasema mshahara unahesabiwa mpaka baharia afike kwao. Baharia wa sitaha anayelipwa dola 700 anadai Februari, Machi na Aprili, yaani dola 2,100. Mei ikiisha atafika dola 2,800, na hapo ndipo dhamana inapokoma. Kila siku baada ya hapo itabaki deni la kuwadai nyinyi na meli yenyewe, mahakamani.

Wakala ameahidi pia nauli ya basi hadi Dar es Salaam, ikatwe kwenye mishahara, na kila mmoja asaini kwanza karatasi kwamba hana madai. Tumewaagiza wasisaini. Gharama ya kurudishwa haikatwi kwa baharia ila akithibitika kukosa wajibu wake kwa kosa kubwa, na hakuna aliyetuhumiwa. Mikataba ilisainiwa Malindi, Unguja, nayo inataja Zanzibar kuwa ndiko watakakorudishwa. Kuwashusha Dar es Salaam wajilipie boti si kuwafikisha kwao.

Cheti cha dhamana kimebandikwa kwenye messi na muda wake haujaisha. Leo tumemwandikia mtoa dhamana moja kwa moja, tukiambatisha nakala za mikataba, hesabu ya mishahara na picha ya cheti. Kwenu tunataka, ndani ya siku tatu, chakula, maji na dizeli vifike melini, na barua kwa mtoa dhamana inayokiri madeni haya. Mkinyamaza, tutaiandikia mamlaka ya nchi ya bendera, ambayo ndiyo itakayobeba jukumu la kuwarudisha kisha iwadai nyinyi. Nakala itakwenda kwa wakaguzi wa bandari ya Mombasa.

Wawakilishi wa mabaharia sita