Wamenifupishia barua ya kuacha kazi, uchungu wangu niuweke wapi?

Assalam aleikum Shangazi. Nimetoka zamu ya usiku, nshaoga nshakunywa chai na usingizi hauji, hii barua ndo inanikosesha raha. Mie nesi wodi ya wazazi huku Pemba, hospitali ya watu binafsi, nimepata nafasi ya digrii ya uuguzi Muhimbili naanza Oktoba, na mkataba wangu unataka notisi ya mwezi mzima.

Sasa mametroni wa aina ile unawajua. Nilipopeleka ombi la ruhusa ya masomo metroni wetu alinambia mbele ya wenzangu, na mama wa watu yuko kitandani na uchungu wake anasikia, "Nyie mkishajua kumshika mtoto tu mnajiona madaktari." Mbele ya mgonjwa Shangazi! Sikumjibu, nikaendelea kujaza partografu, maana mapigo ya mtoto yanaandikwa kila nusu saa hayasubiri maneno ya mtu.

Barua yangu ya mwanzo ilijaa kurasa mbili. Ilianza "Naomba ruhusa ya kuacha kazi kutokana na kunyimwa ruhusa ya masomo na kudhalilishwa mbele ya wagonjwa", nikataja zamu za watu nilizofanya, Idi nilizokaa kazini, na mwisho nikatia "shukrani zisizo na kifani kwa uongozi mzima". Binamu yangu karani wa utumishi ofisi nyengine kaisoma kakata karibu yote. Kasema kwanza huombi ruhusa, ukiomba utajibiwa hapana, wewe unawapa taarifa. Halafu barua hii inakaa kwenye faili, kesho nikiomba kazi pengine wakipiga simu kuuliza, atakaefungua lile faili siku ile hakuwepo, ataona nesi mgomvi basi. Malalamiko yaandikiwe barua yake peke yake. Na zile shukrani za mwisho kasema baada ya kurasa mbili za lawama nani ataziamini, taja kitu kimoja cha kweli ulichokipata pale. Akaniandikia hivi:

"Natoa taarifa ya kuacha kazi yangu ya uuguzi katika wodi ya wazazi ili niendelee na masomo ya shahada. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe 30 Septemba. Nashukuru kwa nafasi niliyopewa, hasa mafunzo ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua, ambayo nayatumia hadi leo. Kabla ya kuondoka nitakabidhi rejista na funguo za kabati la dawa, na nitamuelekeza atakayeshika nafasi yangu."

Imeisha. Tarehe ya juu anataka iwe 31 Agosti, na nibaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, wasije kusema notisi haikutimia. Najua barua ni nzuri, sikatai, mtu anaona naondoka kwa nini, lini, na kazi naiachaje. Lakini Shangazi, yale mafunzo alienipa ni yeye yeye metroni! Yeye ndo alienishika mkono akanionesha kichwa cha mtoto kinakaaje, kisiinamie kifuani wala kisipinduliwe sana nyuma, barakoa izibe pua na mdomo, ukiminya ambu, ule mfuko wa kumpa pumzi, macho yako yawe kifuani uone kinapanda, na yote hayo ndani ya dakika ya kwanza. Wapo watoto wanacheza mtaani leo kwa mkono ule. Mtu huyo huyo ndo alosema najiona daktari. Kwa hiyo ile sentensi ya shukrani kila nikiisoma naona kama namshukuru kwa kunidhalilisha.

Watu wananiona na kinyongo, sina kinyongo mie. Nataka tu ajue kaniumiza. Mume wangu anasema ondoka kimya, pale hurudi tena, na kweli sitaki kurudi, ila nikimaliza masomo Pemba ni kwetu na hospitali zenyewe ndo hizi, nitakwenda wapi? Na barua ya udhamini wataniandikia wao.

Hapo ndo naomba unisaidie. Ile sentensi niiache kama ilivyo, au niandike wazi kuwa mafunzo alinipa metroni, au niitoe kabisa? Na yale maneno yake nikamwambie yeye mwenyewe ana kwa ana nikipeleka barua, au nisubiri mpaka nishakabidhi funguo? Mana akinijibu vibaya nina mwezi mzima wa kufanya nae kazi na ratiba ya zamu anapanga yeye. Lakini mbele ya mgonjwa, Shangazi, angeniita hata ofisini.

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi tafadhali, barua sijaitia saini bado.

Nesi, Pemba