Stopu ya dola 300 iliyouza kwa 244

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu kununua hisa za Marekani kwa simu ilimwambia msomaji kwamba akishaweka stopu, yaani amri ya kuuza hisa bei ikishuka hadi kiwango fulani, hasara yake haiwezi kuvuka bei aliyoichagua. Sentensi hiyo si kweli, na naomba irekebishwe, kwa sababu mimi niliiamini nikaumia.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 nilikuwa na hisa 10 za Meta, kampuni yenye Facebook. Jumatano ya tarehe 2 Februari soko la Nasdaq lilifungwa, kwetu ikiwa saa sita usiku, bei ikiwa dola 323. Stopu yangu ilikuwa dola 300. Hesabu yangu ilikuwa kwamba mambo yakiharibika nitapoteza dola 23 kwa kila hisa, yaani 230 kwa zote, basi. Nikalala.

Dakika chache baada ya soko kufungwa, kampuni ikatoa matokeo yake ya robo mwaka. Watumiaji wa kila siku wa Facebook walikuwa wamepungua kidogo, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla ya hapo, na makadirio ya mapato ya miezi iliyofuata yalikuwa chini ya matarajio. Wanaofanya biashara nje ya saa za kawaida walianza kuuza usiku ule ule kwa bei ya chini sana. Stopu yangu haikuguswa, kwani kwa madalali wengi oda ya namna hiyo huamka katika saa za kawaida za soko tu.

Alhamisi saa kumi na moja na nusu jioni soko likafunguliwa. Bei ya kwanza ilikuwa dola 244.65. Hapakuwa na 310, wala 300, wala 280. Nilipotazama simu, hisa zangu zilikuwa zimeshauzwa kwa dola 244 na senti kidogo. Badala ya 230, nilipoteza takriban 790.

Nilipowapigia dalali wangu kwa hasira, waliniambia mfumo umefanya kazi yake sawasawa. Ilinichukua muda kukubali kwamba walikuwa wakweli. Stopu haimwekei mnunuzi akusubiri kwenye 300. Ni amri inayosema: bei ikifika 300 au ikashuka chini yake, uza kwa bei yoyote iliyopo sokoni. Ile 300 ni kengele tu. Ni kama kumwachia mtu samaki pale mnadani Feri ukamwambia, "Wakishuka hadi elfu kumi, uza." Usiku mashua zikirudi zimejaa, mteja wa kwanza alfajiri atataja elfu saba. Uliyemwachia hatauza kwa elfu kumi ambayo hakuna aliyeitaja. Na jioni ile sikuwa peke yangu: kila mwenye stopu kati ya 323 na 245 kengele yake ililia kwa mpigo mmoja, wote tukawa wauzaji.

Kuna watakaosema dawa ni kuweka bei ya ukomo pamoja na stopu, kwa mfano isiuzwe chini ya 295. Kweli, nisingeuziwa kwa 244. Nisingeuziwa kabisa. Bei iliendelea kushuka, na Novemba mwaka huo huo ilikuwa chini ya dola 90. Oda hiyo inakulinda na bei mbaya, lakini inakuacha umeishikilia hisa.

Kilichonisaidia tangu hapo ni kubadilisha hesabu ya idadi ya hisa. Tarehe ya matokeo hutangazwa mapema, kwa hiyo usiku wa hatari unajulikana. Kabla yake natazama chati nione hisa hiyo imewahi kuruka kiasi gani kwa usiku mmoja. Ya Meta ilikuwa imeandikwa wazi: Julai 2018 ilifungwa dola 217.50, ikafunguliwa kesho yake 174.89, karibu asilimia 20 chini. Ningelitazama pengo lile, nisingehesabu hasara ya dola 23 kwa hisa. Ningehesabu 65 hivi. Kwa mtu asiyetaka kupoteza zaidi ya 230, hizo ni hisa tatu, si kumi. Na hata tatu zingenizidishia kidogo, kwa kuwa mara hii pengo lilikuwa kubwa kuliko lile la 2018.

Wapo pia wanaonunua haki ya kuuza kwa bei maalumu hadi tarehe fulani. Hiyo inashika bei hata pengo likitokea, ila ina gharama yake, na gharama hupanda siku za matokeo zinapokaribia.

Stopu bado naitumia, kwa mteremko unaotokea soko likiwa wazi. Ombi langu ni hilo moja: toleo lijalo liwaambie wasomaji kwamba bei ya stopu ndiyo inayoanzisha mauzo, na bei watakayouziwa inaweza kuwa nyingine kabisa.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam