Barua ya wazi kwa makarani wa depo za kontena, Changamwe hadi Miritini

Wanangu,

Nasikia mkiambizana kuwa kesi ya ubaguzi ni ya mwajiri kujitetea, nyinyi mtulie tu. Hiyo ni nusu ya habari. Ni kweli kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri athibitishe kwamba ubaguzi haukutokea, na kwamba alilotenda halikutokana na jinsia, mimba, dini, kabila, ulemavu na mengine yaliyotajwa humo. Lakini jaji hamgeukii mwajiri mpaka nanyi muweke mezani mambo ya kumtia shaka. Kusema "nilionewa" hakutoshi.

Tuseme karani wa getini, mkataba wake huhuishwa kila Aprili. Mapema Machi anamwambia msimamizi kuwa ni mjamzito. Mwisho wa mwezi anaambiwa kazi imepungua, mkataba basi. Wiki mbili baadaye kijana mgeni anakaa kwenye dirisha lake.

Kesi hii imesimama juu ya tarehe. Ikiwa mimba aliitaja kwa mdomo, msimamizi atasema hakujua, na asiyejua hawezi kuambiwa aliamua kwa sababu ya mimba. Kwa hiyo siku hiyo hiyo aandike ujumbe mfupi: "Kama nilivyokueleza asubuhi, nina mimba." Kisha rota za zamu za Machi na Aprili: makarani wenziwe walihuishiwa mikataba, na jina geni limeingia zamu yake. Hapo ile hadithi ya kazi kupungua inaanza kuyumba. Akiwa na tathmini nzuri za kazi pia aziweke, maana mwajiri akikwama huhamia kwenye "alikuwa mzembe".

Na aombe sababu kwa barua, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu la mwezi ule likitofautiana na utetezi wa mahakamani, wakili wake ana pa kushika.

Meseji za WhatsApp msizitegemee zikae zenyewe. Siku ya kufutwa kazi ndiyo siku ya kutolewa kwenye grupu, na simu ya kampuni inarudi ofisini. Zihifadhini mapema na tarehe na namba zionekane, na simu yenyewe msiitupe, kwani ushahidi wa kielektroniki huambatana na cheti kinachoeleza ulivyotolewa na kifaa gani kilitumika. Hati za mshahara za wenzenu msiziibe kwenye droo, mtampa mwajiri sababu halali ya kuwafukuza. Mwenzako akikubali kukuonyesha yake mwenyewe, au kuja kutoa ushahidi, hilo ni jingine. Rekodi zilizobaki ofisini wakili ataiomba mahakama iamuru zitolewe.

Muda wa kushtaki ni miaka 3, ila rota ya ubaoni hubanduliwa Jumatatu. Ipigeni picha Jumapili.

Mzee wenu, mwakilishi mstaafu wa wafanyakazi