Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: karatasi ya kukamata mali iseme yote

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nawatunzia hesabu wafanyabiashara wadogo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Sikuandikii kulalamikia kodi. Nakuandikia kuhusu zile siku chache kati ya mali ya mdaiwa wa kodi kupakiwa kwenye Fuso na dalali kugonga nyundo.

Mteja wangu mmoja, mama wa makamo, anauza vifaa vya ujenzi. Masika haya mabati na saruji yake vilibebwa kwa deni la kodi ya mapato. Aliachiwa karatasi yenye jumla ya deni, maneno "vifaa vya ujenzi" na siku 10 za kulipa, basi. Haikuonyesha deni ni la mwaka gani wala mifuko mingapi imechukuliwa, na mahali pa mnada hapakutajwa. Makadirio yenyewe ya kodi yalikuwa yametumwa miezi kadhaa nyuma kwenye barua pepe aliyofunguliwa na kijana wa duka la steshenari siku anaomba TIN. Nywila anayo yule kijana, na sasa yuko Tunduma. Kwa ofisi ya kodi, taarifa inahesabika imefika.

Hapo ndipo wengi wanapotea. Mtu akishakamatiwa mali anakimbilia kuandika pingamizi, wakati pingamizi ni la kupinga makadirio, na lina siku 30 tangu makadirio yamfikie. Tena haliendi mikono mitupu: unalipa kwanza sehemu usiyobishania au theluthi ya kodi iliyokadiriwa, ile iliyo kubwa. Makadirio yakiwa milioni 6.3, theluthi yake ni milioni 2.1; lakini ukikubali kwamba unadaiwa kweli milioni 2.5, basi unaanza na hiyo milioni 2.5. Kamishna Mkuu anaweza kuipunguza au kuisamehe kwa sababu ya msingi. Siku 30 zikipita, unaomba kwa maandishi uongezewe muda, ukieleza kama ulikuwa nje ya nchi, uliugua, au una sababu nyingine inayoingia akilini. "Sikuona imeili" sijaona ikimfikisha mtu mbali.

Kwa hiyo mlango uliobaki kwa mama huyu ulikuwa kulipa, au kukubaliana namna ya kulipa. Tulianza kwa kuomba taarifa ya akaunti yake ya kodi, mwaka kwa mwaka. Kumbe malipo yake mawili yaliingizwa mwaka mwingine. Tulipopeleka risiti za benki zenye namba za malipo, deni likashuka. Salio tukaliombea awamu kwa barua: kiasi cha kutanguliza, tarehe ya kila awamu, na ombi kwamba mnada usimame. Barua ikagongwa mhuri wa kupokelewa, nakala tukabaki nayo. Ombi la mdomo kwa afisa, hata awe mwema namna gani, halimzuii dalali kesho yake asubuhi.

Fedha zote zilipita kwa namba ya malipo. Dalali alitaka gharama zake mkononi. Tukakataa mpaka zikaandikwa, maana za usafiri na uhifadhi anabeba mdaiwa na zinaongezeka kila siku. Mali haikutoka mpaka barua ya kuiachia ilipofika kwa dalali kutoka ofisi ya kodi. Risiti peke yake haikutosha.

Tulipofika yadi, saruji ilikuwa imelala chini, bila chaga, na turubai limechanika. Mvua za Mbeya unazijua. Mifuko kadhaa ilikuwa imekuwa mawe. Tungedai nini? Orodha haikuwa na idadi wala hali ya mali siku inachukuliwa. Saruji, kama viazi vya Uporoto, haisubiri mashauriano ya wakubwa.

Mheshimiwa, Sheria ya Madalali, Sura ya 227, inataka ardhi isinadiwe kabla ya tangazo la siku 14, tena lipigwe hata kwa ngoma ili asiyesoma asikie. Mwenye mabati naye anastahili kusikia.

Ninaloomba linaingia kwenye ukurasa mmoja wa Kiswahili, uachwe dukani siku ile ile mali inapobebwa na mwenye duka atie sahihi. Deni liandikwe kwa mwaka, kodi mbali, riba na adhabu mbali. Mali ihesabiwe kipande kwa kipande na hali yake. Itajwe yadi ilipo, gharama ya kila siku, tarehe na mahali pa mnada, na afisa wa kupokea ombi la awamu. Mnada ukifanyika, mdaiwa apewe hesabu: imeuzwa kiasi gani, gharama zimekula ngapi, kodi ngapi, na kilichozidi arudishiwe bila kukiombea.

Mfano wa ukurasa huo nimeuchora na ninao mezani. Ofisi yako ikiutaka, nautuma hata leo.

Wako,
Mtunza hesabu, Mwanjelwa